Bafu Dogo la Masta: Namna ya Kulikagua

Ukitaka kujua ubora wa bafu dogo la masta, lile ambalo choo na shawa vimo chumba kimoja bila kizuizi katikati, liingie nusu saa baada ya mtu kuoga, tena ukiwa na soksi. Soksi zikibaki kavu kutoka mlangoni hadi mbele ya choo, waliolijenga walijua kazi yao. Zikilowa, uzuri wa marumaru na bei ya koki havitakuokoa: kila siku utakuwa unakausha sakafu kwa dekio, na kitambaa cha mlangoni hakitakauka.

Tuchukue bafu lenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.1. Mlango wa sentimita 70 uko kwenye ukuta mfupi, umesogezwa kulia. Sinki la choo limeegemea ukuta wa kushoto, katikati yake ikiwa sentimita 75 kutoka ukuta wa mlango. Mlango ukifunguka kwa ndani na bawaba zake zikiwa kulia, unapita mbele ya choo bila kukigusa. Baada ya choo, kuelekea ukuta wa mwisho, inabaki zaidi ya mita moja ya kuogea. Nafasi inatosha kabisa, ila kila kitu lazima kikae mahali pake.

Kwanza sakafu. Maji yanahitaji mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Ukipungua hapo, maji yanasimama. Ukizidi sana, mguu wenye sabuni unateleza na ndoo haitulii. Lakini kiasi cha mteremko ni nusu tu ya habari. Muhimu zaidi ni umbo lake, na umbo linaamuliwa na mahali ulipowekwa mtoo wa maji.

Mafundi wengi huuweka katikati ya chumba kwa mazoea. Hapo sakafu inalazimika kuinama kutoka pande nne, na kwa kuwa marumaru hazipindi, fundi atalazimika kuzikata kwa mshazari au kutumia vipande vidogo vidogo. Akikuwekea marumaru za sentimita 60 kwa 60 juu ya sakafu ya namna hiyo, basi ama kona zitachomoza na kukukwaruza vidole, ama ameipuuza miteremko miwili kati ya ile minne. Tena maji ya katikati ya chumba yanapita miguuni mwa aliyekaa chooni.

Mimi huuweka mtoo kwenye kona ya mbali kabisa na choo. Kwa bafu letu, kona ya mwisho kulia. Sakafu nzima sasa inakuwa bapa moja lililoinama pande mbili kwa pamoja: sentimita 1.5 kwa mita kuelekea mwisho wa chumba, na sentimita 1 kwa mita kuelekea kulia. Hakuna haja ya kukata mshazari, hata marumaru kubwa zinalala vizuri. Kutoka kona ya juu, kushoto mlangoni, hadi kwenye mtoo, sakafu inashuka sentimita nne na kitu. Sinki la choo lenyewe halifuati mteremko huo. Linakaa juu ya saruji iliyosawazishwa kwa pima maji, la sivyo litacheza kila mtu anapolikalia, na baada ya muda kiungo cha chini kitaanza kuvuja.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote huzaliwa kabla fundi marumaru hajafika. Fundi bomba anafunga trapu ya sakafuni kwa kukisia, anaondoka, kisha anakuja mwenzake na marumaru zake na gundi yake, na chujio linabaki juu ya sakafu kwa unene wa kidole. Au linabaki sawasawa na sakafu, na duara la maji linasimama kulizunguka. Chujio linatakiwa liwe chini ya marumaru zinazolizunguka kwa milimita mbili au tatu. Wafanye mafundi hao wawili wakutane na kupiga mstari wa kimo ukutani kabla saruji haijamwagwa. Trapu yenyewe iwe na kina cha maji kisichopungua sentimita 5, maana hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Bafu la chumba cha wageni lisipotumika kwa wiki kadhaa, maji hayo hukauka; kikombe kimoja cha maji kinarudisha kinga.

Sasa marusho. Maji ya shawa yakigonga kichwa na mabega hutawanyika pembeni, na yakigonga sakafu huruka tena hadi magotini. Kwa hiyo uliza shawa inatazama wapi. Ikifungwa kwenye ukuta wa mwisho inatazama mlango, yaani inamwagia choo, kitasa na kizingiti. Ifungwe kwenye ukuta mrefu wa kushoto, ule ule wa choo, sentimita 45 kutoka ukuta wa mwisho. Itatupa maji kwa upande mfupi wa chumba, yagonge ukuta wa kulia na kuteremka karibu na mtoo. Choo kitapata matone ya pembeni tu.

Hapa ndipo karatasi ya chooni inapopata usalama wake, na hapa ndipo ninapompima mjenzi. Wengi huitundika ukuta wa mbele ya choo kwa sababu mkono unafika kirahisi, lakini huo ndio ukuta unaopigwa na shawa. Wengine huificha nyuma ya mlango, wakisahau kwamba mtu anapooga mlango umefungwa na hapo nyuma hapana kinga yoyote. Mahali pazuri ni ukuta wa kushoto, kati ya tangi la kuflashi na mlango, kimo cha sentimita 70 hivi. Tangi limechomoza ukutani karibu sentimita 20, na hilo linaikinga karatasi dhidi ya matone yanayotoka kwenye shawa. Kishikio kiwe na kifuniko kinachoning'inia mbele. Shatafu ihamie upande wa pili wa sinki, upande wa shawa, kwani mpira wake unafika bila shida na matone yake hayadondokei karatasi. Kama hakuna dirisha la kutoa mvuke, hata kona hiyo haitatosha katika joto la Pwani: karatasi itanyonya unyevu hewani na kuchanika mkononi.

Kukagua ni rahisi. Bandika vipande vya gazeti ukutani pale unapofikiria kuweka karatasi, oga kama kawaida, kisha soma matone. Kwa sakafu, ziba mtoo kwa kitambaa na umwage ndoo mbili za lita 20. Bafu letu linazimeza zote bila maji kufika kona ya juu, na sakafu ikiwa chini ya chumba cha kulala kwa sentimita 2 zaidi mlangoni, kitanda kiko salama. Zibua, subiri dakika kumi, tafuta dimbwi. Katika nyumba inayotumia maji ya kisima cha chumvi huhitaji hata ndoo, kwani alama nyeupe sakafuni zinaonyesha kila mahali maji yalipozoea kusimama.

Dimbwi halitibiwi kwa kuongeza saruji nyeupe kwenye viungo. Dawa yake ni kubomoa na kutandika upya. Kwa hiyo mwaga ndoo mara ya kwanza sakafu ikiwa bado saruji tupu, na ya pili kabla hujamlipa fundi marumaru fedha yake ya mwisho.