Yuniti Sahihi, Hesabu Mbaya: Bili ya Maji ya Mkahawa wa Shella

Mkahawa uliozoea bili ya maji ya shilingi 1,020 ukiletewa ya 8,400, neno la kwanza kutoka mdomoni ni wizi. Neno hilo ndilo linalopoteza kesi nyingi mezani kwa huduma za wateja. Karani anafungua akaunti, anaona usomaji wa mita umepanda, anajibu kwamba maji yametumika na lazima yalipwe, basi mazungumzo yamekwisha. Na mara nyingi karani yuko sawa kuhusu maji. Asipokuwa sawa ni kwenye shilingi, na tofauti hiyo huonekana tu kwa atakayekaa chini na bili zake tatu au nne, aziweke kwa mpangilio wa tarehe.

Tuchukue mkahawa wa mfano pale Shella, Malindi, mmoja wa ile ya vichochoroni ambayo mita yake iko nje ukutani, ndani ya kisanduku cha chuma kilichojaa mchanga. Bei nitakazotumia pia ni za mfano, ili hesabu iwe nyepesi; bei halisi huidhinishwa na WASREB, bodi inayodhibiti huduma za maji nchini, na unaweza kuziomba kwa maandishi katika ofisi iliyokuletea bili. Muundo wake ndio wa kushika. Bei hupanda kwa ngazi: tuseme yuniti 10 za kwanza ni shilingi 80 kila moja, ya 11 hadi ya 30 ni shilingi 110, na kila yuniti inayozidi 30 ni shilingi 150. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Tarehe 4 Juni msoma mita alifika na kusoma 861. Tarehe 4 Julai hakufika. Bili ikatoka kwa kadirio la yuniti 12, ikaandikwa 873. Tarehe 4 Agosti vilevile: kadirio la 12, ikaandikwa 885. Kadirio halikutoka hewani. Kwa kawaida huchukuliwa wastani wa miezi iliyotangulia, na kwa mkahawa wa pwani miezi hiyo ilikuwa ya masika, wageni wachache na sufuria chache za kuosha. Julai na Agosti biashara ikafufuka, maji yakatumika zaidi, lakini bili ikabaki ile ya masika. Mwenye mkahawa aliona bili ndogo akalipa, na nani angelalamika? Tarehe 4 Septemba msoma mita akarudi, akasoma 951. Mashine ikatoa 885 kutoka 951, ikapata yuniti 66, ikazitoza zote kana kwamba zilitumika ndani ya Agosti peke yake.

Hapo ndipo kosa lilipo. Yuniti 66 zikipigwa kwa ngazi, 10 za kwanza ni shilingi 800, 20 zinazofuata ni 2,200, na 36 zilizobaki zinaangukia ngazi ya juu kabisa: 5,400. Jumla 8,400. Lakini tangu 4 Juni hadi 4 Septemba mita imetembea yuniti 90, ambazo ni wastani wa 30 kwa mwezi, na kwa yuniti 30 mkahawa huu haukupaswa kuigusa ngazi ya shilingi 150 hata mara moja. Kila mwezi ungelipa shilingi 3,000, miezi mitatu 9,000. Umeshalipa 1,020 mara mbili, yaani 2,040. Deni halali la Septemba ni shilingi 6,960. Kilichozidi ni 1,440.

Najua jibu hili halifurahishi. Aliyefika akiamini kwamba ameibiwa shilingi elfu saba anaambiwa haki yake ni elfu moja na mia nne na kidogo. Lakini 1,440 inaweza kuthibitishwa kwa karatasi za ofisi yenyewe, na hiyo elfu saba haiwezi. Ukidai isiyothibitika, unampa karani sababu ya kuitupa na ile inayothibitika.

Kabla ya kuandika barua, lazima usomaji wa 951 wenyewe upimwe, kwa sababu hesabu yote imesimama juu yake. Nenda kwenye mita siku chache baada ya kupata bili. Futa kioo, soma tarakimu nyeusi tu. Nyekundu ni visehemu vya yuniti na haziingii kwenye bili. Mita inayopima maji ya mteja haipaswi kurudi nyuma, kwa hiyo ukikuta tarakimu iliyo chini ya ile ya kwenye bili, huna haja ya hesabu nyingine: msoma mita alikosea tarakimu, au alisoma mita ya jirani. Piga picha inayoonyesha tarakimu pamoja na nambari ya mita iliyochongwa kwenye mwili wake, kisha linganisha nambari hiyo na ya kwenye bili. Katika nyumba za Shella zenye maduka matatu chini na wapangaji juu, mita hupangwa sambamba, na si ajabu mita yako kuwa imeandikishwa kwa akaunti ya fundi cherehani wa duka la pili. Funga koki ya mita yako: maji yakikatika dukani kwake na si kwako, umepata jibu.

Tuseme mkahawa wetu ulisoma 959 tarehe 12 Septemba. Yuniti 8 kwa siku 8, moja kwa siku. Na zile 90 zilitembea kwa siku 92, ambayo nayo ni karibu moja kwa siku. Mwendo mmoja, kwa hiyo 951 ni usomaji mzuri na hakuna haja ya kuupinga. Kama mwendo wa sasa ungekuwa robo tu ya ule wa zamani, tungekuwa na hadithi nyingine.

Yabaki mambo mawili yanayoweza kuizungusha mita bila mkahawa kufaidi. La kwanza ni bomba linalovuja. Usiku baada ya kufunga, zima kila mfereji, hakikisha boya la tangi limefunga, kisha utazame kile kinyota kidogo katikati ya kioo cha mita. Kikizunguka, hata polepole, maji yanakwenda mahali, na kwa kawaida yakishapita mita ni mzigo wa mteja. La pili ni hewa. Maji ya Malindi yanatoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na yanasukumwa kwa pampu za umeme. Pampu zikisimama mabomba hukauka, na maji yakirudi husukuma hewa mbele yake. Mita za kuzungusha gurudumu haziwezi kutofautisha vizuri hewa na maji. Ukitaka kulithibitisha hilo, picha moja kabla ya maji kurudi na nyingine mara yanapoanza kutoka ni ushahidi. Malalamiko matupu ya kwamba mita inasoma upepo si ushahidi. Kama unashuku mita yenyewe, jaza kupitia mita hiyo chombo unachokijua ujazo, tangi la lita 1,000 likiwepo, uone kama imetembea yuniti moja. Kiwango cha kimataifa cha mita za kawaida huruhusu kosa la asilimia 2 kwa mtiririko wa kawaida na asilimia 5 kwa mtiririko mdogo sana, kwa hiyo usiende kudai kipimo cha maabara kwa lita kumi.

Sasa barua. Ukurasa mmoja unatosha, na mwili wake uwe hivi:

“Napinga bili ya tarehe 4 Septemba ya akaunti iliyotajwa juu, shilingi 8,400. Sipingi usomaji wa 951. Usomaji halisi uliotangulia ni 861 wa tarehe 4 Juni. Bili za Julai na Agosti zilikuwa za kadirio. Yuniti 90 za siku 92 zimetozwa 12, 12 na 66, badala ya kugawanywa kwa miezi mitatu. Naomba bili za vipindi vitatu zipigwe upya kwa yuniti 30 kila kimoja, deni la Septemba lisahihishwe kuwa shilingi 6,960, na shilingi 1,440 ziondolewe kwenye akaunti. Shilingi 6,960 nimelipa leo, stakabadhi imeambatishwa. Naomba huduma isikatwe kwa kiasi kinachobishaniwa hadi nijibiwe kwa maandishi.”

Sentensi ya pili, ya kukubali 951, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Inamwondolea karani jibu lake la siku zote. Na malipo ya sehemu isiyobishaniwa yafanywe kabla ya siku ya mwisho ya kulipa, si baada yake, kwa maana mtu wa kukata maji hutumwa na orodha ya madeni, hatumwi na faili la malalamiko. Ukiwa na picha zako za mita za tarehe 4 Julai na 4 Agosti, tumia hizo badala ya kugawa sawasawa, hata zikikupunguzia shilingi mia mbili za dai. Usomaji wa kweli hauna wa kuubishia. Peleka nakala mbili, moja irudi na wewe ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Ofisi ikisema haikumbuki kama Julai ilikuwa kadirio, usibishane kwa mdomo. Omba rekodi ya usomaji wa akaunti yako kwa kutaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka taasisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ikikataa dai, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki hiyo pale uamuzi wa kiutawala unapokuumiza. Ukishapata jibu, au ukimya uliopitiliza, jalada hilohilo lenye barua yenye muhuri, bili na picha ndilo la kupeleka WASREB. Watu wengi hukimbilia huko bila kupita ofisi ya kwanza, na hurudishwa palepale walipotoka.

Marekebisho yakikubaliwa, usiishie kwenye salio. Kwenye bili ya Oktoba tazama kwanza usomaji wa awali: uwe 951, si 885 wala kadirio jipya. Kisha uone kama 1,440 imetajwa kama marekebisho kwenye mstari wake au imeyeyuka ndani ya jumla. Na kama msoma mita hakufika tena tarehe 4, peleka wewe usomaji na picha siku hiyohiyo, kwa sababu kadirio lijalo litapigwa kwa miezi ya Julai na Agosti, na safari hii huenda likawa kubwa kuliko maji utakayotumia.