Pengwini na herufi P

Penguin ni biskuti ya Uingereza: vipande viwili vimebana krimu yenye ladha ya chokoleti katikati, kisha vyote vikafunikwa kwa tabaka lenye ladha hiyohiyo. William McDonald alianza kuitengeneza Glasgow mwaka 1932, na sasa inauzwa na McVitie's. Mhusika wake ni pengwini mdogo mweusi na mweupe, mchangamfu, anayekaa kwenye karatasi za rangi mbalimbali. Kwenye karatasi huchapishwa vichekesho, basi mtoto akimaliza kula bado ana cha kuwasomea wenzake. Jina la ndege ndilo jina la biskuti, kwa hiyo anayemkumbuka mmoja amemkumbuka na mwenzake.

Lakini kazi kubwa ilifanywa na kibwagizo cha matangazo ya televisheni: “P-P-P-Pick up a Penguin”, yaani chukua Penguin. Kitamke taratibu uone kinavyofanya kazi. Kwa kila P midomo hufungwa, pumzi ikabanwa, halafu ikapasuka. Kigugumizi kile cha mwanzo mimi nakisikia kama mtetemo wa mtu aliyeshikwa na baridi, na hapo ndipo ndege wa barafu anapoingia bila kuelezwa. Mtoto hawezi kukisema bila kuigiza kidogo. Kitenzi nacho kimechaguliwa vizuri: hakisifu utamu, kinautaja mkono unaonyooshwa kwenye rafu. Jina la bidhaa limewekwa mwisho, mahali ambapo sauti hutua.

Udhaifu wake umo humohumo. Ondoa Penguin, weka ndege mwingine wa herufi P, na kibwagizo hakitikisiki. Sauti ni ya herufi. Haimjui mwenye biskuti. Hata umbo la ndege mweusi na mweupe si la mtu mmoja.

Mwaka 1996 maduka ya Asda yalileta biskuti yao ya aina hiyohiyo, wakaiita Puffin, jina la ndege wa bahari za kaskazini, naye mweusi na mweupe. United Biscuits, waliokuwa wamiliki wa Penguin, wakaenda mahakamani. Hukumu ya mwaka 1997 iligawanyika. Jaji aliona kwamba mwonekano wa pakiti ungewafanya wanunuzi wengi wadhani biskuti zote mbili zimetoka kiwanda kimoja, na hilo likawa kosa. Ila hakukubali kwamba picha ya Puffin imevunja alama ya biashara iliyosajiliwa ya Penguin. Asda wakabadili pakiti, jina la Puffin likabaki rafuni.

Anayebuni mhusika wa biskuti leo angefanya jaribio moja kabla ya kuchapa karatasi ya kwanza: aweke jina la mpinzani ndani ya kibwagizo chake, akisome kwa sauti mbele ya watoto, asikilize kama kuna kinachopungua. Penguin ingeanguka katika jaribio hilo, japo kwa kushika masikio nimeona vibwagizo vichache vya kuifikia.