Kitundu cha Milimita 0.2: Kioo cha Kukuza na Picha ya Simu Vinavyozalisha Dosari

Kila pua ina vitundu. Ndani yake hukaa mafuta na seli zilizokufa, na vikijaa huonekana kama nukta za kijivu au nyeusi. Hiyo ni ngozi yenye afya inayofanya kazi yake. Hata ukivikamua, hujaa tena baada ya wiki chache. Hata hivyo, wapo watu wanaovichunguza kila asubuhi na kila usiku, wakiwa wameamini kwamba kila anayekutana nao anaona walichokiona wao. Hebu tukifuate kitundu kimoja chenye upana wa milimita 0.2, tuone kinavyokua kila kinapobadilishiwa chombo.

Tuanze na jicho la mtu mwingine. Jicho zima hutenganisha vitu viwili ikiwa pembe kati yao inafikia takriban dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita moja, ambao ndio wa watu wanaozungumza, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.3 hivi. Kitundu chetu ni kidogo kuliko hapo, kwa hiyo kinazama kwenye rangi ya ngozi inayokizunguka. Anayezungumza nawe anaona pua, haoni vitundu vyake.

Sasa simama mbele ya kioo bapa cha ukutani, uso ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye kioo. Taswira yako iko nyuma ya kioo kwa umbali huohuo, kwa hiyo jicho linaitazama kutoka sentimita 80. Kitundu bado hakijafikia kiwango cha kuonekana vizuri. Ukisogea hadi sentimita 15, taswira inakuwa sentimita 30 kutoka jichoni, na kitundu kinajitokeza. Kioo hakijabadilika. Kilichobadilika ni umbali, na hakuna mtu anayezungumza nawe akiwa sentimita 30 kutoka kwenye pua yako.

Kioo cha kukuza kinakwenda mbali zaidi. Uso wake umebonyea ndani kama bakuli, na ukikaa karibu kuliko umbali wake wa fokasi unapata taswira iliyosimama wima na iliyokuzwa. Chukua kioo chenye umbali wa fokasi wa sentimita 25, uso ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye kioo. Gawanya 25 kwa tofauti ya 25 na 20, unapata 5. Kitundu cha milimita 0.2 kina taswira ya milimita nzima, iliyo sentimita 100 nyuma ya kioo, yaani sentimita 120 kutoka jichoni. Kwa jicho, hicho ni kitundu kikubwa mara nne na zaidi kuliko anavyokiona aliye mita moja mbele yako.

Kioo hicho pia kinapunguza eneo. Kikiwa na kipenyo cha sentimita 10, kinakuonyesha sehemu ya uso yenye upana wa sentimita 12 tu, ilhali kioo bapa cha ukubwa huo kingekuonyesha sentimita 20. Paji la uso na kidevu vinakatika, na macho na mdomo, ambavyo watu hukutambua navyo, vinasogezwa pembeni. Taa ikitoka upande mmoja, kila kishimo kinapata kivuli na kuonekana kina kina zaidi kuliko kilivyo.

Simu inafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Tuseme umepiga picha ya megapikseli 12, na uso wenye upana wa sentimita 15 umechukua pikseli 1,500. Kila pikseli inabeba milimita 0.1 ya ngozi, kwa hiyo kitundu chetu ni pikseli mbili. Ukivuta picha kwa vidole hadi pua ya sentimita 3.5 ijaze skrini ya sentimita 7, kitundu kinakuwa milimita 0.4 mbele ya jicho lililo sentimita 30 tu kutoka kwenye simu. Hapo kimekuwa kikubwa karibu mara saba kuliko kilivyo kwenye mazungumzo. Tena pikseli 350 za pua zimetandazwa kwenye skrini yenye pikseli nyingi zaidi, na simu imejaza nafasi zilizobaki kwa kukadiria. Programu ya kamera nayo hukoleza kingo ili picha ionekane kali. Pikseli mbili haziwezi kukueleza umbo la kitundu. Sehemu ya ule ukingo mweusi ni kazi ya programu.

Umbali wa mkono nao unapotosha umbo. Mwaka 2018, mtafiti Boris Paskhover na wenzake walikokotoa kwamba pua kwenye selfi iliyopigwa kutoka sentimita 30 huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko kwenye picha iliyopigwa kutoka mita 1.5. Sababu ni kwamba pua iko karibu zaidi na kamera kuliko mashavu na masikio, na kwa ukaribu huo tofauti hiyo ni kubwa ikilinganishwa na umbali wa kamera.

Lakini mbona mtu akishajua haya bado anarudi kwenye kioo? Kwa sababu kukagua kunaleta shaka. Mwaka 2003, watafiti wa Uholanzi Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwaomba watu wazime na kukagua jiko la gesi la kwenye kompyuta mara nyingi mfululizo. Majibu yao hayakuharibika, ila kumbukumbu yao ikafifia na imani yao kwayo ikashuka. Mwaka 2011, watafiti Windheim, Veale na Anson waliwaweka watu mbele ya kioo kwa sekunde 25 na kwa dakika 10. Wenye ugonjwa wa kuhangaikia dosari za mwili walitaabika katika hali zote mbili. Wasio na ugonjwa huo hawakutaabika kwa sekunde 25, lakini dakika 10 ziliwaongezea taabu hata wao. Muda peke yake unatosha kukuongezea taabu.

Kwa hiyo tabia zinazovunja mzunguko huu ni zile zinazorudisha umbali, eneo na muda. Toa kioo cha kukuza bafuni. Anayekihitaji kwa sababu ya uoni hafifu, au kwa kuvaa lenzi za macho, akitoe kwa kazi hiyo na akirudishe kabatini. Kwenye kioo bapa, simama umbali wa mkono, ambapo uso wote unaonekana, na uwe na kazi yenye mwisho: kunyoa, kujipodoa, kupiga mswaki. Tazama uso mzima badala ya kuanzia pale panapokusumbua. Kazi ikiisha, ondoka, hata kama moyo bado haujatulia. Kungojea utulie ndiko kunakogeuza sekunde 25 kuwa dakika 10.

Picha nayo itazame mara moja, ikiwa nzima, bila kuivuta. Hamu ya kuivuta ikija, weka simu chini kwa dakika 10 kabla ya kuamua. Hamu hupanda, kisha hushuka yenyewe, na kila ikishuka bila wewe kukagua, kuivumilia kunakuwa rahisi zaidi siku inayofuata. Usihamishie ukaguzi kwa watu kwa kuuliza, "Hii inaonekana?" Jibu lao litakutuliza kwa muda mfupi, kisha utauliza tena.

Kukamua ndiko kunakodhuru kwelikweli. Kwenye ngozi nyeusi, jeraha dogo la kucha huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi, na doa hilo, tofauti na kitundu, linaonekana kutoka mita moja. Wengine hulifuata kwa mkorogo wenye zebaki au steroidi, na tatizo lililoanzia kwenye kioo linakuwa tatizo la mwili.

Pima maendeleo kwa dakika unazotumia kwenye kioo na kwenye picha. Ukiyapima kwa jinsi ngozi inavyoonekana, umerudi kwenye kukagua. Iwapo mawazo kuhusu dosari yanakula saa moja au zaidi kwa siku, au yanakuzuia kwenda kazini au kwenye shughuli za watu, mabadiliko ya tabia peke yake hayatoshi. Nenda kliniki ya afya ya akili kabla ya kwenda kwa daktari wa kurekebisha sura. Ugonjwa wa kuhangaikia dosari hutibika kwa tiba ya mazungumzo inayomzoesha mtu kuacha kukagua, na kwa dawa za kundi la SSRI. Upasuaji mara nyingi huuacha pale pale, au wasiwasi huhamia sehemu nyingine ya mwili.