Ngoa au Ng'oa? Ritifaa iliyopotea kwenye picha

Tafsiri ninayoizungumzia leo haiuzwi dukani. Ni ukurasa mmoja wa kijitabu cha arobaini ya bibi mmoja, jirani yetu hapa Babati. Upande mmoja kuna shairi aliloandika mwenyewe kwenye daftari, upande wa pili Kiingereza chake, kwa ajili ya vitukuu walioko nje ambao Kiswahili kimewapita pembeni. Aliyetafsiri ni mjukuu wake, kwa kutumia picha aliyopigiwa kwa simu. Kiingereza chake kina mwendo mzuri, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko kwenye neno moja la mshororo wa pili.

Kwenye picha, na kwenye kijitabu, mistari inasomeka hivi:

Chuki haina thamani, haijengi nyumba yako,
Ngoa iliyo moyoni, isilale ndani mwako.

Ngoa ni neno halali, tena la zamani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo: ni tamaa kali, na pia wivu. Mtu aliyezidiwa na wivu hulia ngoa. Basi mjukuu akaandika kwa Kiingereza kwamba wivu uliomo moyoni usilale humo. Sasa, marehemu alikuwa mke wa pili. Watu unawajua. Siku ileile ya arobaini nikasikia wawili wakiulizana pembeni, hivi huo wivu alikuwa anamwonea nani?

Nakiri kwamba hata mimi nilisoma ngoa mara ya kwanza. Kilichonisumbua ni chuki ya mshororo wa kwanza. Kama mada ni chuki, wivu umeingiaje ghafla? Weka ritifaa, neno linakuwa ng'oa, kitenzi cha kuamrisha: ile chuki iliyo moyoni, ing'oe. Mshororo wa pili unakuwa mwendelezo wa wa kwanza.

Tatizo ni kwamba sarufi haiamui. Kwa kawaida huamua: ukiona "kungoa" au "alingoa" hakuna cha kubahatisha, kwa sababu nomino ngoa haibebi viambishi hivyo, ni ng'oa iliyonyang'anywa alama yake. Lakini hapa neno limesimama peke yake, na "iliyo" inaweza kushika ngoa au chuki, zote mbili za ngeli moja. Mizani nayo haisaidii. Ngo-a ni mbili, ng'o-a ni mbili, na kipande kinabaki na mizani nane. Vina havijaguswa. Angeimba mwenyewe tungesikia tofauti, maana kwenye ng' sauti inatoka puani bila g kugonga nyuma yake. Lakini hayupo.

Nikarudi kwenye picha, safari hii si kwa kuangalia neno lile. Nilitafuta neno lenye ng' ambalo halina namna nyingine ya kusomeka. Ukurasa huohuo, beti mbili chini, kuna "ngombe". Hakuna neno ngombe katika Kiswahili sanifu. Kwa hiyo ama bibi hakuwa na desturi ya kuweka ritifaa, ama picha imezimeza. Vyovyote vile, kukosekana kwa alama kwenye picha ile hakukuwa ushahidi wa kitu chochote.

Jumamosi nikaenda kwa mama mdogo, anayelitunza daftari. "Shikamoo mama. Naomba nilione lenyewe." Akalitoa kabatini. Kwenye ng'ombe ritifaa ipo wazi, ya kalamu ya bluu. Kwenye mshororo wetu nayo ipo, ndogo, imegusana na mkia wa y ya "nyumba" kutoka mstari wa juu, na chini yake unapita mstari wa bluu wa daftari. Nililiinamisha dirishani mwanga ukapita kwa ubavu, na alama ya ncha ya kalamu ikaonekana imebonyea peke yake, mbali na ule mkia. Aliyepiga picha alikuwa ameiweka simu kwenye hali ya nyeusi na nyeupe ili maandishi yakolee. Simu ikikolezesha hivyo husafisha madoadoa, na ritifaa kwa simu ni doa tu.

Huku kwetu hilo lingetustua mapema zaidi. Anayesoma Kiiraqw anajua kwamba mkwaju wa mwanzo kwenye /ameeni, yaani mwanamke, ni konsonanti kamili, na picha mbaya huugeuza kuwa l. Kwenye Kiswahili tumezoea kuandikiana ngombe na ngambo kwenye simu na tukaelewana, mpaka inapotokea ngoa.

Mjukuu nimempigia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo bibi alikuwa anatusema sisi, na ile kesi ya kiwanja." Nikamwambia hilo shairi halisemi. Tafsiri mpya ameituma jana, na nakala zilizobaki mama mdogo anazitia ritifaa kwa mkono, moja moja.