Nguzo Mbili za Rungwe

Sensa ya 2002 ilihesabu watu 307,270 katika Wilaya ya Rungwe. Ya 2012 ikahesabu 339,157. Namba hizo mbili zinatosha kumpima mchora chati.

Mwenye haraka atachora nguzo mbili na, ili kuokoa nafasi, ataanzia kipimo kwenye 300,000 badala ya sifuri. Nguzo ya 2002 itabaki na kimo cha watu 7,270, na ya 2012 kimo cha 39,157. Msomaji wa Tukuyu anayeipitia kwenye simu ataona watu wameongezeka zaidi ya mara tano, ilhali ongezeko lenyewe ni kama asilimia 10. Tarakimu zote ni sahihi, lakini jicho husoma urefu wa nguzo kabla ya kusoma tarakimu.

Fundi huanzia sifuri. Hapo nguzo zinakaribia kulingana, naye anaona kwamba mchoro huo, ingawa ni wa kweli, haumwambii msomaji jambo kubwa. Anajiuliza: msomaji anataka kujua nini? Bila shaka, kama Rungwe ilikua haraka au polepole. Swali hilo linahitaji cha kulinganishia, kwa hiyo anaiacha chati na kupanga jedwali:

Rungwe ilikua polepole kuliko nchi nzima, 2002–2012

| Eneo | 2002 | 2012 | Ongezeko |
|---|---:|---:|---:|
| Rungwe | 307,270 | 339,157 | 10% |
| Tanzania | 34,443,603 | 44,928,923 | 30% |

Kila kitu hapo kimefikiriwa. Kichwa kinatoa jibu. Namba zimeegemea kulia, mamoja chini ya mamoja, ili ukubwa uonekane mara moja. Asilimia hazina desimali kwa sababu desimali hazingebadilisha jibu. Hakuna rangi ya kijani wala nyekundu inayobeba maana, kwani wapo wasiozitofautisha, na fotokopi ya nyeusi na nyeupe huzifanya zote kijivu.

Tena jedwali limeandikwa kwa maandishi, halikubandikwa kama picha. Kila jina la eneo limetambulishwa kuwa kichwa cha mstari wake:

```
<th scope="row">Rungwe</th>
```

Vichwa vya safu za juu navyo hupewa `scope="col"`. Kwa hiyo asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, akifika kwenye 339,157 anaweza kusikia pia kwamba ni ya Rungwe, mwaka 2012. Picha isiyo na maelezo ya maandishi ingempa ukimya.

Jedwali lina mpaka wake. Kata zikiwa ishirini, macho yatachoka. Hapo fundi hurudi kwenye chati: nguzo za kulala, zimepangwa kuanzia kubwa hadi ndogo, jina la kata kushoto na namba kwenye ncha, bila ufunguo wa rangi wa kutafutwa pembeni.

Ukikutana na nguzo gazetini, tazama kwanza kipimo kinaanzia wapi. Kisipoanzia sifuri, usiuamini urefu wa nguzo, soma namba.