Mkato Hukaa Kabla ya P

Ukitaka kujua kama aliyehariri video kwenye simu anaijua kazi, achana na rangi na madoido. Tafuta mahali alipokata maneno ya mtu, usikilize neno linalofuata linaanzaje.

Tuseme muuza samaki anasema: "Nikamwambia, eee, pesa yako sichukui." Ile "eee" inatakiwa iondoke. Video ikiwa ya fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ni kama milisekunde 33, na anayekata kwa kuburuta kidole tu hupitiliza fremu nne au tano bila kujua. Masikio hayasamehe: utasikia "e-pesa", au "esa". Kwa hiyo panua mstari wa muda kwa vidole viwili mpaka fremu zionekane mojamoja, kisha sogea fremu kwa fremu ukitazama midomo, si mawimbi ya sauti peke yake.

Midomo hufungana kabla P haijasikika. Hapo utakuta fremu mbili au tatu za kimya, mawimbi yamelala. Kata kwenye fremu ya kwanza ambayo midomo imefungana na "eee" imekwisha. Wengi hukata pale mawimbi yanapopanda. Sauti inatoka safi, lakini mdomo unaanza ukiwa umeshafunguka, na neno linaonekana limebandikwa.

Upande wa kushoto una kazi yake. "Nikamwambia" inaishia na A, na irabu hufifia polepole, kwa hiyo achia fremu mbili tatu baada ya mawimbi kuonekana yamekwisha. Na kama mzungumzaji ameiunganisha hiyo A na "eee" bila kupumua, hakuna fremu safi ya kukata. Mimi ningeiacha "eee" ilivyo; mkato wa kulazimisha unaudhi kuliko kigugumizi.

S ni mtego wa aina nyingine. Mvumo wake huchorwa kama uzi mwembamba unaofanana na kimya, kwa hiyo anayekata kwa macho huanzia pale mawimbi yanaponenepa, na "sichukui" inabaki "ichukui".

Ukiona maneno yote kwenye video yamekatwa vichwa kwa kiasi kilekile, mshuku mhariri aliyevaa hedifoni zisizo na waya. Sauti yake inaweza kumfikia imechelewa fremu kadhaa, naye anasimamisha video kila mara neno likiwa limeshaanza. Za waya ni bora kwa kazi hii.

Kupima mkato, utazame kwanza bila sauti, kisha usikilize umefumba macho, ukianza sekunde moja nyuma. Ukiwa sawa kwa macho lakini masikioni unasikia "tik", usiendelee kuhangaika na fremu: ufifishe kidogo mwisho wa sauti ya klipu ya kwanza na mwanzo wa ile ya pili.