Radhi Isiyo na Mtenda: Kuisoma Barua ya Kukatika kwa Umeme

Kabla ya gridi ya taifa kuwafikia, wakazi wa Ngara na Biharamulo waliwashiwa umeme na mitambo ya dizeli ya TANESCO, kila mji na kituo chake. Mradi wa ORIO uliofadhiliwa na Uholanzi ulivipangia vituo hivyo, pamoja na cha Mpanda, mitambo ya megawati 2.5 kila kimoja. Umeme wa namna hiyo hauna pa kuazimia: mashine ikifa, mji mzima huumia, na baada ya siku kadhaa barua ya kuomba radhi hutoka.

Muundo wa barua hizo unajulikana. Juu kuna "Taarifa kwa Umma", kisha salamu kwa "wateja wetu wa Wilaya za Ngara na Biharamulo", halafu umeme umekosekana "kutokana na hitilafu ya kiufundi", mafundi "wanaendelea na jitihada", na uongozi unaomba radhi "kwa usumbufu uliojitokeza".

Tazama vitenzi. Hitilafu inatokea, usumbufu unajitokeza, umeme unakosekana. Hakuna aliyefanya jambo. Mtu anaonekana mara ya kwanza pale penye sifa: mafundi wanaojitahidi. Uongozi nao unaingia mwishoni, kuombea radhi jambo ambalo sentensi zilizotangulia hazikuuhusisha nalo.

Kuzitaja wilaya mbili kwa pumzi moja nako kuna athari. Vituo vilikuwa viwili, na hitilafu ya kimoja haikuwa ya kingine. Msomaji wa Biharamulo hakuweza kujua kama mashine iliyoharibika ni yake au ya jirani.

Kasoro kubwa, hata hivyo, iko kwenye maelezo. Kuharibika kwa pampu ya mafuta, kwa mfano, kunaeleza giza la siku ya kwanza. Giza la siku ya ishirini lina sababu nyingine: kipuri hakikuwa ghalani, au kimeagizwa nje, au malipo yamechelewa, au mashine ya akiba ilikuwa mbovu tangu zamani. Barua hueleza chanzo, ikanyamazia urefu, ilhali urefu ndio uliomlazimu mwandishi kushika kalamu.

Chukua kituo chenye mashine mbili zinazolingana, moja imekufa. Nusu ya umeme ipo, kwa hiyo kuna mgao. Barua nzuri ingesema ni mashine ipi, kipuri gani kinasubiriwa na kimefika wapi, na mtaa upi utawashiwa jioni ipi. Mwenye mashine ya kusaga angejua siku ya kupokea mahindi, na muuza samaki siku ya kutonunua.

Wakubwa huogopa kuandika tarehe ya matengenezo kukamilika, na hofu hiyo ina msingi, maana kipuri huweza kukwama njiani. Lakini tarehe ya taarifa inayofuata iko mikononi mwao wenyewe. Barua isiyothubutu kuandika hata hiyo haijaahidi kitu.